Uko Mwanza, Kazi Iko Dar: Namna ya Kuandika Mahali Ulipo na Unakohamia

Maombi ya kazi kutoka mkoa mwingine mara nyingi hukatwa kabla ujuzi wa mwombaji haujasomwa. Anayechuja ana rundo la wasifu mezani na nafasi moja ya kujaza, na jicho lake linaanzia juu ya ukurasa: jina, simu, anwani. Akiona Mwanza ilhali ofisi iko Kurasini, maswali yanamjia hapo hapo. Huyu atafika kwenye usaili? Akipewa kazi ataanza lini? Atadai tumlipie lori la vyombo? Asipoona jibu karibu na hiyo anwani, anaiweka karatasi kando, maana chini yake zipo nyingine za watu wanaokaa Temeke na Mbagala.

Mwongozo huu unahusu mistari hiyo michache tu: iandikwe vipi, wapi, na ilingane na nini. Tumchukue mhasibu mmoja wa kiwanda cha samaki Mwanza, mwenye CPA ya NBAA na ajira ya kudumu anayolipwa kwa mwezi. Anataka kazi Dar es Salaam, na ikitokea nzuri Nairobi hataikataa.

Kwanza amua: unahama, au utahama ukiajiriwa?

Kuna mtu ambaye mwenzi wake amehamishiwa Dar, nyumba imeshapatikana, na Oktoba atakuwa huko awe na kazi au asiwe nayo. Yupo na mwingine ambaye hataondoka Mwanza mpaka mkataba usainiwe. Kwenye maombi wote wawili huandika maneno yale yale, "niko tayari kuhama", na wote wawili hupoteza. Wa kwanza anajipunguza, kwa sababu mwajiri angemhesabu karibu sawa na mkazi wa Dar kama angejua safari yake ipo tayari. Wa pili anaacha shaka, kwa sababu utayari usio na tarehe kila mtu anao.

Kama safari ipo, andika safari: "Ninahamia Dar es Salaam wiki ya kwanza ya Oktoba." Kama inategemea ajira, andika sharti pamoja na muda: "Niko Mwanza. Ninaweza kuanza kazi Dar es Salaam ndani ya siku 35 baada ya kusaini mkataba." Mhasibu wetu ni wa kundi hili la pili.

Hizo siku 35 hazikukisiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, aliyekwisha kuvuka mwezi wa kwanza kazini, atoe notisi isiyopungua siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili, kwa hiyo soma mkataba wako kabla ya kuandika namba yoyote. Ukiwa na likizo iliyobaki, usiihesabu ndani ya notisi, kwani sheria hairuhusu viwili hivyo viende pamoja. Mhasibu wetu akitoa notisi tarehe 1 Septemba, siku 28 zinamfikisha tarehe 29. Ongeza wiki moja ya kukabidhi vitabu, kufunga mizigo na kusafiri, unapata wiki ya kwanza ya Oktoba. Kwa mhasibu ningeongeza jambo moja: asiahidi kuondoka katikati ya ukaguzi au ufungaji wa hesabu za mwaka. Mwajiri mpya naye ni mtu wa hesabu, anajua maana yake.

Ukishapata tarehe hiyo, usiibadilishe kila unapojaza fomu mpya. Anayechuja hulinganisha. Wasifu ukisema siku 35, fomu ikisema "mara moja" na kwenye simu ukasema miezi miwili, hataamini hata yale mengine uliyoandika kwa usahihi.

Mstari wa juu wa wasifu

Wasifu wa wengi wetu bado huanza na S.L.P. Na sanduku hilo mara nyingi si lako. Ni la shule uliyosoma, la parokia, au la mzazi aliyeko Bukoba. Kwa hiyo mtu anayeishi Mwanza na kutafuta kazi Dar anajitambulisha kwa sanduku la Bukoba, halafu chini kidogo ameandika mahali alipozaliwa, wilaya ya nyumbani na kabila. Msomaji ameshaona sehemu tatu na hajui mtu mwenyewe analala wapi leo. Futa zote. Mwajiri akitaka anwani ya posta ataiomba wakati wa kuandika mkataba.

Badala yake weka mstari mmoja chini ya jina, kabla ya maelezo mengine:

"Mwanza. Ninatafuta kazi Dar es Salaam. Ninaweza kuanza siku 35 baada ya kusaini. Usaili wa ana kwa ana Dar: nipe taarifa siku tatu kabla. Simu ya video: siku yoyote baada ya saa kumi na moja jioni."

Uandike kwa lugha ya tangazo. Kama tangazo ni la Kiingereza, nao uwe wa Kiingereza. Mstari huu unajibu maswali mawili kati ya yale matatu, yaani usaili na siku ya kuanza. La tatu, nani atalipia uhamisho, umeliacha wazi kwa makusudi, na nitalirudia mwishoni.

Kama una sababu ya kudumu ya kuwa Dar, iweke kwa maneno machache ndani ya barua ya maombi. "Familia yangu iko Kigamboni" inatosha. Mwajiri anaogopa kuajiri mtu wa mbali ambaye baada ya miezi minne atarudi kwao, na sentensi fupi kama hiyo inamtuliza kuliko aya nzima ya jinsi unavyopenda changamoto mpya. Kama sababu hiyo haipo, usiibuni. Ataiuliza kwenye usaili.

Kishawishi kikubwa ni kuazima anwani ya mjomba wa Tabata na kujifanya mkazi. Inafanya kazi kwa wiki moja. Kisha unapigiwa simu Jumanne alasiri: njoo usaili kesho saa tatu asubuhi. Kwa basi, Mwanza hadi Dar ni safari ya siku nzima na zaidi, kwa hiyo unabaki kununua tiketi ya ndege ya dharura au kutunga msiba. Na hata ukifika, wasifu wako unaonyesha mwajiri wa sasa yuko Mwanza. Yeyote anayesoma mistari miwili anauliza unakaaje Tabata na kufunga hesabu za kiwanda kilicho kando ya Ziwa Viktoria. Ipo hasara nyingine ya kisheria kwenye anwani ya kuazima, nayo ni kubwa kuliko hiyo. Tutaifikia.

LinkedIn: sehemu mbili zinazochanganywa

Kwenye LinkedIn mahali pako panaandikwa sehemu mbili, na zinasomwa na watu tofauti.

Ya kwanza ni mji unaoonekana chini ya jina lako, unaoubadilisha kwa kubonyeza alama ya kalamu juu ya ukurasa wako. Huu unasema ulipo sasa. Mtu yeyote anayetafuta wahasibu kwa akaunti ya kawaida na kuchuja kwa Dar es Salaam ataletewa wale tu walioandika Dar hapa. Mhasibu wetu hatokei.

Ya pili iko ndani ya kitufe cha Open to work. Hapo unachagua vyeo unavyotafuta, visivyozidi vitano, aina ya kazi kati ya On-site, Hybrid na Remote, miji unayoitaka, na kama unaweza kuanza mara moja au huna haraka. Ukiweka Dar es Salaam hapa, waajiri na mawakala wanaolipia huduma ya LinkedIn Recruiter wanaweza kukuona wanapotafuta watu walio tayari kuhamia Dar, hata kama mji wako wa juu ni Mwanza.

Tatizo ni kwamba huduma hiyo ni ya kulipia, na gharama yake si ya kila ofisi. Kampuni kubwa na mawakala wa ajira wanaweza kuwa nayo. Afisa utumishi wa kampuni ya usafirishaji pale Vingunguti huenda anatafuta kwa akaunti ya kawaida, na yeye hakioni ulichoandika ndani ya Open to work ikiwa umekionyesha kwa Recruiters only. Kwa hiyo uweke mji unakoelekea mahali pa tatu, kwenye ule mstari ulio chini ya jina unaoeleza kazi yako: "Mhasibu, CPA | hesabu za viwanda na mauzo ya nje | Mwanza, ninatafuta Dar es Salaam". Maneno ya mstari huo husomwa na kila mtu na hutafutika kama maneno mengine ya ukurasa wako.

Je, ubadilishe mji wa juu uwe Dar? Kwa yule anayehama hata bila kazi, ndiyo, pale ambapo nyumba imepatikana na zimebaki wiki chache. Aongeze sentensi kwenye maelezo yake kwamba anafika tarehe fulani. Kwa mhasibu wetu, bado. Mji wa juu ukiwa Dar na mwajiri wa sasa akiwa Mwanza, ukurasa unajipinga wenyewe.

Kuhusu usiri, ukichagua Recruiters only, LinkedIn hujitahidi kukuficha kwa waajiri wa kampuni yako ya sasa, lakini yenyewe inasema haitoi hakikisho kamili. Na wakala wa nje anayetafutia kampuni yako watu si mfanyakazi wa kampuni hiyo, hivyo anaweza kukuona. Mwanza ni mji ambao wahasibu wanafahamiana. Ile fremu ya kijani kwenye picha, inayotangaza kwa wote, ningemshauri asiiweke mpaka awe ameshatoa notisi.

Usijaze miji sita. Anayeona Dar, Arusha, Nairobi, Kigali, Dubai na Doha kwa mtu mmoja haoni mtu mwenye uwezo mpana. Anaona mtu anayetaka kuondoka alipo, popote. Weka Dar, na kama kweli umeshafanya hesabu ya Nairobi, weka na Nairobi. Hiyo inatosha.

Fomu, na mlango wa serikali

Fomu za maombi za mtandaoni zina kisanduku cha mahali ulipo, na mara nyingi swali la ndiyo au hapana: uko tayari kuhamia? Jibu ndiyo, na pakiwa na nafasi ya maelezo rudia ule mstari wa wasifu neno kwa neno. Kwenye mahali ulipo andika Mwanza.

Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi za serikali ya Tanzania, una mantiki yake. Pale kituo cha kazi hupangwa na mwajiri, na Sekretarieti ya Ajira imekuwa ikitumia anwani ya makazi ya sasa kuwapangia watu mkoa wa kufanyia usaili. Ukiandika Dar kwa kudhani unavutia kazi ya Dar, unaweza kujikuta umepangiwa usaili Dar wakati watu wa mtaa wako wanafanyia Mwanza. Kila unapohama kweli, ihuishe anwani hiyo kabla ya tarehe ya mwisho inayotajwa kwenye tangazo.

Ukivuka Namanga

Nairobi inaongeza swali moja ambalo Dar haina: una haki ya kufanya kazi hapa? Kwenye fomu swali hili huwa la ndiyo au hapana, na mfumo unaweza kukutoa kwa jibu hilo peke yake. Ndiyo maana wengi hudanganya, wakijiambia kwamba sisi ni Afrika Mashariki moja.

Hali halisi ni hii. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kutafuta na kufanya kazi katika nchi nyingine ya Jumuiya, kwa aina za kazi ambazo nchi hiyo imezifungua. Lakini haikufuta kibali. Kanuni zake zinasema aliyepata kazi ya zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka itoe kibali ndani ya siku 30. Kenya, kama Rwanda, imeondoa ada ya kibali kwa raia wa Jumuiya. Ofisi zenyewe si kila mara huenda kwa kasi ya kanuni, basi usiitaje tarehe ya kuanza Nairobi kwa uhakika uleule wa Dar. Mhasibu wetu angeandika miezi miwili na nusu tangu kusaini: mwezi wa notisi na zaidi ya mwezi wa kibali, kwa kuwa si busara kuiacha ajira ya Mwanza kabla kibali hakijatoka.

Kwa hiyo jibu la kweli kwenye fomu ni kwamba kibali kinahitajika. Maelezo ndiyo yanayookoa ombi, na afisa utumishi wa Nairobi aliyezoea usumbufu wa kuajiri Wazungu na Wahindi huenda hazijui vizuri kanuni hizi za Jumuiya. Andika: "Raia wa Tanzania. Nahitaji kibali cha kazi. Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Kenya haitozi ada ya kibali." Kwa mhasibu ipo nyongeza yenye uzito: bodi za wahasibu za Afrika Mashariki zina makubaliano ya kutambuana, kwa hiyo CPA ya NBAA si karatasi ya ugenini kwa taasisi ya wahasibu ya Kenya, ICPAK. Itaje kwenye mstari huo huo.

Namba ya simu iache na +255 yake, uandike kwamba iko WhatsApp. Kuazima laini ya Kenya ni anwani ya Tabata kwa sura nyingine.

Ujue pia kwamba ukishatangaza uko tayari kuvuka mpaka, watakaokuandikia kwanza huenda si waajiri. Atatokea mtu mwenye nafasi nono ya Doha au Kanada, usaili wa dakika kumi kwa maandishi, kisha ada ya fomu, ya vipimo au ya viza. Ukiombwa pesa kabla ya mkataba, simama hapo. Wakala wa ajira anatakiwa kusajiliwa. Omba namba ya usajili wake, uipeleke mwenyewe kwa Kamishna wa Kazi ukaulize. Nchini Kenya mawakala husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Nani analipia, na mstari mmoja wa mkataba

Wengi huandika kwenye wasifu, "nitahama kwa gharama zangu", wakidhani wanajiuza. Mimi nisingeandika. Kuna kampuni zenye posho ya uhamisho kwenye sera zao, na wewe umeikataa kabla ya kuulizwa. Lisemwe swali hili baada ya kupewa ofa, kwa njia ya kuuliza: sera yenu ya uhamisho ikoje? Wakisema hakuna, hapo ndipo unaweza kukubali kujilipia, au kuomba wakulipie usafiri wa mizigo peke yake. Kwa usaili, omba hatua ya kwanza ifanyike kwa video, na ujilipie safari ya Dar pale tu wanapokuambia mmebaki wachache.

Kisha usome mkataba, na hapa mahali ulipojitaja tangu mwanzo panageuka pesa. Sheria ile ya 2004 inamtaka mwajiri aandike kwenye maelezo ya ajira mahali mfanyakazi alikoajiriwa, kando na mahali pa kazi. Na inasema ajira ikikoma mahali tofauti na pale alikoajiriwa, mwajiri amsafirishe pamoja na mizigo yake hadi huko, au alipie usafiri huo, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na alikoajiriwa, pamoja na fedha za kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Kuajiriwa, kwa maana ya sheria hii, kunahusu pale mwajiri au wakala wake alipokushawishi kuja kwenye kazi.

Fikiria mhasibu wetu amehamia Dar na familia, na baada ya miaka mitatu kampuni inapunguza wafanyakazi. Kama mkataba unasema aliajiriwa Mwanza, kampuni ina deni la kumrudisha, na siku za kusubiri zinahesabika. Kama alijaza anwani ya Tabata, mkataba utasema aliajiriwa Dar es Salaam na kufanya kazi Dar es Salaam, na atabaki kubishana na maandishi yake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kusaini tafuta kipengele hicho. Kikiwa kitupu, omba kijazwe. Kikiwa kimeandikwa Dar, waandikie barua pepe yenye adabu kwamba ulikuwa Mwanza walipokuita, kama ombi lako lilivyoonyesha, na uombe wakirekebishe. Tangazo, ombi lako, mwaliko wa usaili na tiketi uliyokatia Mwanza vihifadhi kwenye bahasha moja na mkataba.